Jacinta Apondi na Barua ya Kuhama Nyumba Namba Tatu

Jacinta Apondi, ambaye sisi tulimwita Mama Valerie, ni mtu ambaye furaha haimtoshi mwilini. Ikimjia lazima imwagikie wengine. Ndiyo maana habari ya kwamba anahama hakumwambia mwenye nyumba kwanza. Alimwambia Mungu, tena kwa maikrofoni.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba, mwaka wa elfu mbili na moja, kanisani kwetu hapa Kitengela. Mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda, na kabla hajamaliza kuuliza Mama Valerie alikuwa ameshafika mbele. Alieleza vile alitoka Ugenya na marehemu mumewe aliyekuwa dereva wa lori, vile Bwana alimchukua huyo mume mapema, na vile yeye ameshona zipu za suruali kwa kiwanda huko Athi River mpaka akiota anaota zipu. Kisha akasema chama cha kina mama kilimsaidia kununua kaploti nyuma ya kichinjio, kuta zimesimama, mabati yako juu, na mwisho wa Novemba yeye si mpangaji tena.

Kanisa liliruka. Mimi mwenyewe niliruka, na goti langu halipendi mambo hayo. Tulikuwa majirani miaka tisa, yeye namba tatu, mimi namba nne, ukuta mmoja katikati. Nilikuwa najua akigeuza ugali. Hata Mama Naisenya, mke wa mwenye nyumba wetu, alikuwa hapo kwa safu ya pili akipiga makofi na shanga zake zote zikiitikia. Kwa hivyo Mama Valerie alirudi nyumbani akijua notisi ametoa. Mke wa mwenye nyumba amesikia, mchungaji amesikia, malaika wamesikia. Nani amebaki?

Alibaki Oscar.

Oscar ni kijana wa Mzee Parsaoti, mwenye nyumba. Mzee alikuwa na ng'ombe wake na nyumba nane za mabati, na ng'ombe ndio alikuwa anawajua kwa majina. Kodi ilikuwa inakusanywa na Oscar, ambaye alisoma kolegi huko Nairobi akarudi na kalamu tatu kwa mfuko wa shati. Ijumaa tarehe ishirini na sita alikuja kuangalia bomba linalovuja, akamkuta Mama Valerie anafunga vikombe kwa magazeti. Akamsalimia vizuri, akamuuliza barua iko wapi.

Mama Valerie akasema barua gani, mama yako alikuwa kanisani na aliimba haleluya.

Oscar akatoa agrimenti kwa faili. Ilikuwa zile fomu za kununua dukani, wamejaza wenyewe mwaka wa tisini na mbili, jina la mzee juu, dole gumba lake chini. Akamsomea polepole, bila ukali, nitamshuhudia hapo. Mpangaji akitaka kuhama atatoa notisi ya mwezi mmoja mzima, kwa maandishi, na imfikie mwenye nyumba kabla mwezi huo haujaanza. Asipofanya hivyo, dipositi haitarudi.

"Barua imfikie mzee kabla ya Novemba, aweke alama yake kwa nakala, niiweke kwa faili," Oscar akasema. "Ikipita Jumatano tarehe thelathini na moja, mwezi wa kuhesabu unakuwa Desemba. Si mimi, Mama Valerie. Ni agrimenti."

Hapo lazima nieleze jambo la mlango. Nyumba mpya ilikuwa na kila kitu ila mlango. Mlango wenyewe ulikuwa tayari, wa chuma, umepakwa rangi ya kijani, umesimama kwa fundi wa kuchomelea na jina APONDI limeandikwa kwa chaki. Fundi alikuwa ameshalipwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa ndiyo ile dipositi. Na upande ule wa kichinjio, siku hizo, fisi walikuwa wanatoka mbugani kama watu wanaokwenda kazini. Nyumba isiyo na mlango huko si nyumba, ni karamu.

Basi Mama Valerie akamuuliza Oscar kwa nini yeye mwenyewe asipokee hiyo barua kwa niaba ya baba yake. Oscar akaangalia nyuma kwanza. Akasema aliwahi kupokea barua ya mzee mara moja, na mzee akamtoza faini ya mtamba. Hawezi tena.

Sisi tukacheka. Hatukujua bado.

Kesho yake asubuhi tukaenda kwa Muthama, yule mpiga chapa aliyekuwa anakaa kando ya posta na taipuraita yake juu ya meza ya kukunja. Muthama alikuwa Mkamba mpole mwenye kuvaa tai hata Jumamosi, na hakuna kesi ya Kitengela ambayo haikupitia vidole vyake viwili. Mama Valerie akamsimulia kuanzia Ugenya. Muthama akasikiliza yote, akafuta miwani.

"Ushuhuda ni mzuri, mama," akasema, "lakini hauna nakala."

Akaweka karatasi tatu na kaboni mbili katikati, akaanza. Mama Valerie alitaka iandikwe kwa Kiswahili ili mzee akisomewa aelewe bila mkalimani. Muthama aliuliza kama kuna la kuongeza mwishoni, na yeye akafikiri, akamwambia aongeze mstari mmoja. Hii hapa, kwa sababu nakala yake alinipa niitunze, ninayo mpaka leo kwa Biblia yangu:

Jacinta Apondi,
Nyumba Namba 3,
Kitengela.
27 Oktoba 2001.

Kwa Mzee Parsaoti, Mwenye Nyumba.

Bwana,

KUH: NOTISI YA KUHAMA NYUMBA NAMBA 3

Ninakujulisha kwa heshima kwamba nitahama nyumba iliyotajwa hapo juu ifikapo tarehe 30 Novemba 2001. Barua hii ni notisi ya mwezi mmoja kama agrimenti yetu inavyotaka. Kodi ya Novemba nitalipa kama kawaida. Naomba siku ya kuhama nyumba ikaguliwe nikiwepo, nikabidhi funguo, na nirudishiwe dipositi yangu.

Nakushukuru kwa miaka tisa. Hukunifukuza mwaka ule nilipofiwa.

Wako mwaminifu,
Jacinta Apondi.

Chini Muthama akachora mstari wa nukta, akaandika: Nimepokea, sahihi au dole gumba, tarehe. Akasema moja inabaki kwa mzee, moja mzee anaiwekea alama inakwenda kwa faili ya Oscar, ya tatu mpangaji anakaa nayo. Mama Valerie akauliza kama si afadhali tuitume kwa rejista, posta si hii hapa. Muthama akasema barua ya rejista mwenyewe lazima aje aitie sahihi, na sanduku la Mzee Parsaoti halijafunguliwa tangu mvua ya El Nino. Mpelekee mkononi.

Mkononi. Neno dogo hilo.

Tulifika kwa boma lake saa nne. Mzee Parsaoti alikuwa amekaa kwa kigoda nje ya lango, mrefu hata akikaa, shuka nyekundu, masikio yametoboka vizuri. Alifurahi kutuona. Akauliza habari ya Valerie shuleni, akauliza goti langu. Mama Valerie akatoa bahasha, akaipeleka kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

Mzee akasimama. Mkono mmoja ukashika fimbo, wa pili ukashika rungu, na mikono ikawa imejaa.

Akatuambia, bila kukasirika, kwamba karatasi ya mashine yeye hashiki. Tangu aweke dole kwa agrimenti yetu ameshika tatu. Ya kwanza iliondoka na shamba la upande wa mto. Ya pili iliondoka na malisho ya kiangazi. Ya tatu ndiyo ile Oscar alipokea, na ikaja na mtu wa kupima na nyaya. Hata karatasi ya mkono siku hizi haisogelei. Na hii yenye herufi zilizopangwa kama meno, hapana kabisa.

"Wewe hama, yeyo," akasema, yaani mama kwa Kimaasai. "Mimi nimekubali kwa mdomo. Mungu anasikia. Hiyo kitu rudisha kwa mfuko."

Mama Valerie akaeleza mambo ya faili. Mzee akasema faili ni ya Oscar, basi Oscar ashike. Oscar alikuwa anatusikia kutoka kwa zizi. Akainama akafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndara.

Sasa hebu fikiria. Mtoto hawezi kurudisha dipositi bila karatasi, baba hawezi kushika karatasi, na wote wawili wanakupenda. Wangekuwa adui ungejua la kufanya.

Jumapili Mama Naisenya alituambia nje ya kanisa kwamba yeye mambo ya karatasi za mzee haingilii, ila atatuombea. Jumatatu Mama Valerie alimvizia mzee kwa hoteli anayokunywa chai, akaweka bahasha chini ya sahani ya mandazi. Mzee akanywa chai, akaacha mandazi. Mandazi mawili ya moto! Huo ndio ulikuwa woga wenyewe. Jumanne alimkuta njiani, akajaribu kumsalimia kwa mkono huku barua iko kiganjani, na mzee akamsalimia kwa kiwiko. Jioni hiyo tulikaa kwa ngazi ya namba tatu tukacheka mpaka majirani wakauliza kama kuna mtu amefariki. Kisha Mama Valerie akaniambia ghafla, "Mama Ndulu, mimi nitalala na fisi." Tukacheka tena, lakini mimi usiku niliomba sana.

Jumatano ndiyo tarehe thelathini na moja. Mama Valerie aliomba ruhusa kazini, akaja kunigongea kumekucha. Mzee, wakasema kwake, ameenda Kajiado na madume mawili kwa soko la ng'ombe. Sisi nyuma.

Kama hujaingia soko la ng'ombe Kajiado, usiingie na viatu vya kanisa kama sisi. Vumbi linasimama kama ukuta. Madume wanalia, wanunuzi wanapigapiga migongo ya ng'ombe na fimbo, kila mtu anaongea na mtu mwingine aliye mbali. Na shuka nyekundu! Tulitafuta shuka nyekundu kati ya shuka nyekundu mia tatu. Mama Valerie alimfuata mzee mmoja mpaka karibu na choo, akawa si yeye. Akaomba msamaha, mzee huyo akambariki tu.

Tulimpata karibu na meza ya afisa wa mifugo, yule anayeandika vibali vya kusafirisha ng'ombe. Alikuwa ameshauza dume mmoja, na uso wake ulikuwa na amani, mpaka akatuona. Akaenda nyuma ya dume wa pili. Mama Valerie akazunguka kwa kichwa cha dume, mzee akazunguka kwa mkia. Mama Valerie akageuka kwa mkia, mzee akapita kwa kichwa. Yule dume alikuwa ametulia kabisa, anatafuna, kama anayetazama watoto. Watu wakaanza kusimama. Mtu akauliza kwa Kimaasai kuna nini, mwingine akajibu kitu, na kicheko kikaenda safu kwa safu.

Mzunguko wa nne Mama Valerie akasimama. Alikuwa anahema, kitambaa kimetoka kichwani, vumbi mpaka kwa nyusi. Nikafikiri sasa amechoka, sasa atalia. Lakini alikuwa anaangalia vitoto viwili vilivyokuwa vimemkimbilia mzee wa pembeni. Vile vitoto havikutoa mkono. Viliinamisha vichwa, na yule mzee, bila hata kuacha maneno aliyokuwa anasema, akaweka kiganja juu ya kimoja, kisha juu ya kingine, vikaenda zao.

Hiyo ni salamu yao, na ni kila siku. Mdogo anainama, mkubwa anagusa kichwa. Na mkubwa hawezi kuacha kichwa kimeinama bila kukigusa. Ni kama umnyime mtu maji.

Mama Valerie, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mweka hazina wa chama cha kina mama, alifungua bahasha. Akaitoa ile barua, akaikunjua, akailaza juu ya utosi wake. Akatembea polepole kama mtu aliyebeba mtungi, akafika mbele ya Mzee Parsaoti, akainama.

Nakwambia, hata dume aliacha kutafuna.

Mzee akaangalia kile kichwa. Akaangalia wazee wenzake, na wao wakamwangalia. Kuondoka na kichwa cha mtu kimeinama mbele ya umati ule ilikuwa haiwezekani. Na mle katikati ya kiganja chake na nywele za Mama Valerie palikuwa na karatasi ya mashine. Akahamisha rungu kwa mkono wa fimbo. Mkono wa kulia ukaanza kushuka. Ukasimama. Ukashuka tena. Ukatua.

"Takwenya," akasema mzee kwa sauti ndogo, akimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia Mama Valerie kwa Kimaasai hicho hicho kutoka chini ya barua.

Mtu mmoja akapaza sauti kwamba amepokea, na soko lote likapasuka. Wanaume wazima walishikana mabega. Afisa wa mifugo aliweka kichwa juu ya vibali vyake, mabega yakimtikisika. Na mzee mwenyewe, baada ya kusimama hivyo kiganja juu ya karatasi kama amenaswa, akaanza kucheka, kwanza puani, halafu akacheka mpaka fimbo ikawa ndiyo inamshika yeye. Mkono hakuutoa. Akasema tayari imeshamshika, basi isomwe, ajue safari hii inaondoka na nini.

Nikaisoma mimi. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini siku hiyo nilisoma kama mtangazaji wa redio. Nilipofika kwa dipositi akaguna kidogo. Nilipofika kwa mstari wa mwisho, ule wa miaka tisa na mwaka wa kufiwa, kicheko kikamwisha.

Akaniambia nirudie hapo. Nikarudia.

"Hii haichukui kitu," akasema.

"Inachukua mimi tu, mzee," Mama Valerie akamwambia. "Na masufuria yangu."

Mzee akasema ni kweli, hiyo ni hasara, lakini si ya kupimwa na nyaya. Akaomba wino. Afisa wa mifugo akasukuma ile pedi yake ya muhuri, ya kuthibitisha ng'ombe, na Mzee Parsaoti akaweka dole gumba kwa nakala ya Oscar, akaweka kwa nakala ya Mama Valerie, na kwa sababu alikuwa ameshazoea akaweka pia kwa ile yake mwenyewe. Afisa akaandika tarehe kwa mkono, thelathini na moja Oktoba, na akajiandika shahidi bila kuombwa. Alitaka pia kugonga muhuri wa idara. Tukamzuia, tukamwambia Mama Valerie hapelekwi kichinjio, anajenga nyuma yake tu. Mzee alikunja nakala yake ndogo kabisa, akaifunga kwa pindo la shuka pamoja na pesa za dume.

Jioni hiyo hiyo tulimpelekea Oscar karatasi. Aliigeuza, akanusa wino, akauliza mara mbili kama kweli baba yake ameshika. Tulipomwambia ilivyokuwa alikaa chini kwa mawe ya bomba.

Novemba ilipita kwa mbio. Kodi ililipwa. Tarehe thelathini, Ijumaa, Oscar alikuja na faili kukagua namba tatu, Mama Valerie akiwa amesimama kando na funguo kama bibi harusi. Alihesabu vioo vyote, akafungua bomba, akatafuta nyufa kwa ukuta wetu. Alipata misumari minne aliyopigilia Mama Valerie kutundikia kalenda, na alitaka kuiandika. Mzee Parsaoti, ambaye alikuwa amekuja na hakuitwa, alimwambia misumari inaongeza nyumba, haipunguzi. Oscar akafunga kalamu. Dipositi ikatolewa yote, Mama Valerie akatia sahihi kwamba amepokea, funguo zikabadilisha mikono.

Kutoka hapo hatukutembea, tulikimbia. Fundi alipakia mlango kwa mkokoteni, na kina mama tukausukuma wote ingawa ulihitaji watu wawili tu, tukiimba, na mtu yeyote aliyekuwa barabarani akitusikia alifikiri tunamleta bwana harusi amelala chali. Mama Naisenya alikuwa mbele kabisa, na mzee nyuma na fimbo yake. Kufika saa kumi na moja mlango ulikuwa umesimama kwa bawaba zake, kijani, jina la chaki bado liko.

Mama Valerie akaingia ndani peke yake, akajifungia. Tukasikia kufuli. Tukangoja. Tukafikiri anaomba, na sisi tukainamisha vichwa.

Kisha sauti yake ikatoka ndani, nyembamba, imejaa kicheko na machozi, ikisema, jamani, mbona hakuna anayebisha hodi?

Tukabisha. Akafungua, akamkaribisha mmoja, akafunga. Akabisha wa pili, akafunguliwa, akakaribishwa, mlango ukafungwa. Tulikuwa kumi na wanne, na hakukubali kuingia wawili pamoja. Mzee Parsaoti alikuwa wa mwisho. Alibisha kwa rungu, mara tatu, kwa heshima, na akangoja nje kama mgeni yeyote mpaka mwenye nyumba akamfungulia.